Mahojiano yamesogezwa, barua yasema 10:00 BST. Kwa Mombasa ni saa ngapi hasa?

BintiKuze · Alhamisi 23 Oktoba 2025, 18:42

Salamu jamani. Hii barua nimeisoma mara saba na kila nikiisoma napata saa nyengine, ndiyo nikaona niilete hapa.

Niliomba kazi ya ukarani wa nyaraka za mizigo. Ofisi iko hapa Mombasa, lakini wanaohoji wako Uingereza. Mahojiano yalikuwa yawe Jumanne tarehe 28, saa nane mchana, kwa Google Meet. Mwaliko ulishaingia kwenye kalenda ya simu tangu wiki jana, nikatulia.

Leo imeingia barua nyengine. Imeandikwa Kiingereza, naiweka kwa Kiswahili neno kwa neno nilivyoweza:

*"Samahani, imebidi tusogeze mahojiano yako ya Jumanne kwa kuwa mmoja wa wanajopo atakuwa safarini. Saa mpya ni Alhamisi tarehe 30 Oktoba, 10:00 BST, kwa dakika 45. Tutatumia Zoom badala ya Google Meet. Linki, Meeting ID na Passcode ziko hapa chini na pia kwenye mwaliko wa kalenda. Linki ya zamani haitatumika. Tafadhali thibitisha kuwa umepata ujumbe huu."*

Chini yake kuna linki ndefu kama treni ya mizigo, nambari ya tarakimu 11, na Passcode.

Nikihesabu mwenyewe napata saa sita mchana. Lakini kalenda ya simu yanionyesha 13:00, yaani saa saba. Halafu aliyeandika si yule dada wa mwanzo, ni jina ambalo sijawahi kuliona. Na kalendani sasa nina mahojiano mawili, ya Jumanne na ya Alhamisi, hakuna lililofutika.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba nyumba yetu imepakana na msikiti. Adhuhuri siku hizi huadhiniwa saa sita na dakika chache. Ikiwa ni saa sita basi itabidi nitafute pa kwenda. Ikiwa ni saa saba, nakaa zangu nyumbani.

---

Kongowea_Moja · 18:57

Hili halina haja ya kikao. Uingereza wako nyuma yetu kwa saa mbili. Kwao ikiwa 10:00, kwetu ni saa sita kamili. Nina ndugu yangu Leicester, kila Jumapili twapigiana simu saa tatu usiku, kwake huwa saa moja ya magharibi. Miezi na miezi, haijabadilika. Simu yako ndiyo yakosea, izime uiwashe.

---

ShangaziBamburi · 19:20

Mwanangu, mimi saa hizi za Kizungu zilishanichoma. Mwaka ule nilipoitwa kazi hoteli ya huku pwani ya kaskazini, kijana alinipigia simu akanambia njoo kumi. Si akasema kumi! Nikaoga, nikapaka wanja, nikafika saa kumi alasiri na bahasha yangu. Mlinzi akaniangalia akasema mama, wenzio walikuja asubuhi wakaondoka. Kumbe alisema kumi ya Kizungu, yaani saa nne yetu. Kwa hivyo wewe nenda saa nne asubuhi Alhamisi, usimsikilize mtu.

---

BintiKuze · 19:31

Shangazi, pole sana, lakini hii 10:00 ni ya huko kwao, si ya hapa. Hapa saa nne asubuhi kwao itakuwa bado asubuhi mapema.

---

ShangaziBamburi · 19:33

Alaa. Basi sijasoma vizuri, nilikuwa napika. Lakini hilo la kumi na nne uliweke akilini.

---

MtuMzimaMajengo · 19:48

Mimi sioni suala la saa hapa, naona utapeli. Jina jipya, linki mpya, programu mpya, na haraka haraka uthibitishe. Ndivyo wanavyoanza. Binamu yangu aliitiwa kazi ya Ghuba kwa mtindo huu huu, mwisho akaambiwa atume pesa za kipimo cha afya. Usibonyeze chochote.

---

Ratiba_Kilindini · 20:15

Dada, kazi yangu kutwa ni kupanga mikutano ya watu walioko Mombasa, Ulaya na Asia, na kila mwisho wa Oktoba hupokea kesi kama yako. Simu yako haina kosa. Wala wewe hukuhesabu vibaya. Kosa liko kwenye herufi tatu, BST.

BST ni saa ya kiangazi ya Uingereza. Wakati wa kiangazi husogeza saa zao mbele, na tofauti yetu nao huwa saa mbili, kama anavyosema Kongowea_Moja. Lakini huirudisha nyuma kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na mwaka huu ni tarehe 26, yaani keshokutwa kutoka kesho. Kuanzia hapo wanaingia GMT na tofauti inakuwa saa tatu. Sisi saa yetu haiguswi mwaka mzima, ndiyo maana hatukumbuki kwamba wenzetu yao hucheza.

Mahojiano yako ni tarehe 30. Siku hiyo BST haitakuwapo. Huyo aliyeandika ameangalia ukuta wa ofisini kwake leo tarehe 23, leo wako BST, akaandika kwa mazoea. Kwa hivyo 10:00 ya tarehe 30 kwa saa ya London ni saa saba mchana Mombasa. Ukizifuata herufi zenyewe BST, utapata saa sita. Zote mbili zimetoka kwenye mstari mmoja wa barua.

Mimi naegemea saa saba, kwa sababu kalenda haikuandikwa kwa mkono. Lakini nisingetaka uegemee kwangu. Una kompyuta karibu?

---

Kongowea_Moja · 20:22

Ndugu, mimi si mtoto. Saa tatu usiku kwetu, saa moja kwake. Nimempigia hata Jumapili iliyopita.

---

Ratiba_Kilindini · 20:24

Jumapili iliyopita ilikuwa tarehe 19. Mpigie hii inayokuja.

---

BintiKuze · 20:40

Kompyuta ya kaka yangu ipo. Nifanye nini?

---

Ratiba_Kilindini · 20:58

Fungua ile barua kwenye kompyuta. Chini kabisa utaona kiambatisho kinaitwa `invite.ics`. Kipakue, halafu usikibonyeze mara mbili, kwa sababu kitakimbilia kalendani. Kifungue kwa Notepad. Ni maandishi matupu. Tafuta mistari inayoanza na DTSTART, yaani saa ya kuanza, UID, yaani kitambulisho cha tukio, na SEQUENCE, yaani hesabu ya marekebisho yake. Ule mwaliko wa wiki jana nao uufanye vivyo hivyo, kisha niambie kama UID zao zinafanana. Ukibandika hapa, usiweke linki wala Passcode.

---

BintiKuze · 21:26

Nimepata. Wa leo uko hivi:

```
METHOD:REQUEST
DTSTART;TZID=Europe/London:20251030T100000
DTEND;TZID=Europe/London:20251030T104500
SEQUENCE:0
```

UID za miwili hazifanani hata kidogo. Moja yaishia na google.com, nyengine ni nambari ndefu isiyo na mwisho.

---

Ratiba_Kilindini · 21:49

Sawa, hapo pana mambo mawili.

La kwanza, saa. Mstari wa DTSTART unasema 10:00 kwa saa ya London, tarehe 30 Oktoba 2025. Haukusema BST wala GMT, umesema mahali. Simu yako inajua London itakuwa na saa gani siku hiyo, ikahesabu 13:00. Mtu aliyetengeneza mwaliko huu alichagua saa kumi na sifuri kwenye kalenda yake mwenyewe, na hapo ndipo yeye na wenzake watakumbushwa. Wanajopo hawatasoma barua uliyoandikiwa wewe. Watasubiri kalenda zao zipige kengele. Ndiyo nasema saa saba.

Kama ungeona `DTSTART:20251030T090000Z`, basi ningekwambia saa sita, kwa sababu ile Z ya mwisho ni saa ya dunia, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu.

La pili, kwa nini una mahojiano mawili. Aliyepanga mkutano akiuhamisha mwenyewe, UID inabaki ile ile na SEQUENCE inapanda, na simu yako huhamisha tukio kimya kimya kutoka Jumanne hadi Alhamisi. Wako ni UID mpya na SEQUENCE ni 0. Maana yake mtu wa pili ameandika mwaliko mpya kutoka kwenye akaunti yake, na ule wa kwanza hakuna aliyeufuta. Kwa hiyo Jumanne saa nane kasorobo simu yako italia na kukupa linki ya Meet isiyo na mtu.

---

MtuMzimaMajengo · 22:03

Na wewe unamhakikishia tu? Mtu wa pili, akaunti nyengine, ule wa kwanza hakuufuta. Hayo yote si ndiyo dalili za mwizi?

---

Ratiba_Kilindini · 22:20

Ni dalili za mwizi na ni dalili za ofisi yenye shughuli nyingi, zinafanana. Faili ya kalenda haiwezi kukwambia kama mtu ni mkweli. Inakwambia saa tu.

Dada, angalia anwani ya huyu mpya. Kile kilichoko baada ya @ kilingane herufi kwa herufi na cha yule wa kwanza. Kisha linki. Usiisome mwanzo wake, soma kipande kilicho kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya `https://`, na ukisome kutoka mwishoni. Kikiwa `zoom.us` tupu, au kikiishia na `.zoom.us` pamoja na nukta yake ya mbele, umefika Zoom. `us06web.zoom.us` ni wao. `zoom.us.mkutano.example` si wao, hata kama zoom.us inaonekana hapo ndani, kwa sababu mwenye nyumba ni yule wa mwisho.

Hata hivyo, linki ya Zoom ya kweli inaweza kufunguliwa na mtu yeyote, tapeli naye. Kwa hivyo kinachomaliza ubishi ni kumwandikia yule dada wa mwanzo, kwa barua yake ya zamani, usijibu hii mpya. Muulize kama amekukabidhi kwa mwenzake. Na uthibitisho wako kwa huyu mpya uwe na saa mbili ndani yake, ya kwao na ya kwetu, ili akikosea aone mwenyewe.

---

BintiKuze · 22:34

Anwani zalingana baada ya @. Kile kipande cha linki chaishia .zoom.us, na nukta yake ipo. Lakini naona haya kumuuliza saa. Barua imesema 10:00, nikimuuliza tena si ataniona sijui kusoma? Kazi yenyewe ni ya kusoma nyaraka.

---

TundaDamu · 22:41

Shoga, usimuulize. Mwambie. Kuna tofauti. Ukiandika "je, ni saa ngapi" umejionyesha. Ukiandika "nitakuwepo Alhamisi 30 Oktoba, 10:00 London, 13:00 Mombasa" umejionyesha vilevile, lakini kwa uzuri. Mimi nimefanya kazi ya mapokezi, nakwambia.

---

Kongowea_Moja · 22:50

Na ukimwandikia 13:00 na ikawa ni 12:00 umejiharibia. Mimi ningeandika nimepata, ahsante, basi.

---

Ratiba_Kilindini · 23:02

TundaDamu amelisema vizuri kuliko mimi. Na Kongowea, ukiandika "nimepata, ahsante" hakuna anayejua kama mmeelewana. Yeye atabaki na yake nawe na yako.

Ningeacha kabisa herufi BST kwenye jibu. Usimsahihishe, wala usizirudie. Weka jina la mji tu.

---

BintiKuze · Ijumaa 24 Oktoba, 08:15

Nimetuma. Nimeandika hivi, nageuza kwa Kiswahili: *"Ahsante kwa ujumbe. Nathibitisha nitakuwepo Alhamisi tarehe 30 Oktoba, saa 10:00 za London, ambazo ni 13:00 Mombasa, kwa linki ya Zoom uliyotuma jana. Mwaliko wa Meet wa Jumanne bado uko kwenye kalenda yangu. Naomba ufutwe kwa upande wenu."*

Yule dada wa mwanzo naye nimemwandikia mistari miwili.

Lakini nauliza, kwa nini nisiufute mwenyewe ule wa Jumanne? Wanikera kila nikifungua simu.

---

Ratiba_Kilindini · 08:40

Ufute mwenyewe na kalenda yaweza kumpelekea mwenye mwaliko taarifa kwamba umekataa. Yeye ataona jina lako na neno "Declined" kando ya mahojiano. Akiwa ndiye anayejua kuwa yamesogezwa, hakuna neno. Akiwa hajaambiwa, atakuandika umejitoa. Nimeshaona mtu akitolewa kwenye orodha kwa kubonyeza "No" kwa nia njema kabisa. Zima kengele yake tu, tukio liache lilivyo mpaka walifute wenyewe.

---

TundaDamu · 08:52

Hapo sikubaliani. Akiona amekataa Jumanne na amekubali Alhamisi, ataelewa. Watu si mawe.

---

Ratiba_Kilindini · 08:55

Wengine wataelewa. Mimi sitaki kumjaribu huyu.

---

Mvuvi_wa_Likoni · 11:30

Nimesoma yote, nami naleta yangu maana inafanana lakini si hiyo. Nilirudi kutoka Dubai mwezi wa tano. Simu ilikuwa bado na saa ya kule, iko mbele ya yetu kwa saa moja, nami nikairudisha nyuma kwa mkono nikaona imekaa sawa. Wiki mbili baadaye nina mahojiano ya simu ya video, kalenda yasema 14:00. Nikaingia saa nane kasoro dakika tano, nimevaa shati, chini kikoi. Nikakuta wameshaondoka. Walikuwa wameningoja tangu saa saba.

Nilimlaumu aliyenialika miezi mitatu. Sasa nasoma hapa najiuliza.

---

Ratiba_Kilindini · 12:05

Usimlaumu tena. Ulisogeza mishale ya saa lakini simu ikabaki ikidhani iko Dubai. Mwaliko wa saa saba ya Mombasa ukahesabiwa kwa saa ya Dubai, ukawa saa nane, na wewe ukausoma kwa mishale ya Mombasa. Ingia mipangilio ya tarehe na saa, angalia palipoandikwa ukanda wa saa. Pakisema `GMT+04:00` bado uko Dubai. Kwetu ni `GMT+03:00`. Washa ile ya kujipanga yenyewe na usiiguse tena.

BintiKuze, nawe angalia yako. Ikisema +03:00 basi ile 13:00 ni 13:00 kweli.

---

BintiKuze · 12:11

Yangu ni +03:00, alhamdulillahi.

---

Mvuvi_wa_Likoni · 12:30

Yangu ni +04:00. Hadi leo.

Kumbe ndiyo maana hata miadi ya daktari wa mama nilimpeleka amechelewa.

---

Kongowea_Moja · Jumapili 26 Oktoba, 21:20

Nimerudi kwa hiari yangu, msinicheke. Nimempigia ndugu yangu saa tatu usiku kama kawaida. Hakushika. Nikapiga tena. Akashika anahema, yuko njiani, anasema mbona mapema leo, hapa ni saa kumi na mbili tu, jana usiku tumerudisha saa nyuma. Nikamwambia na mwaka jana? Akasema kila mwaka, wewe ndiye hupigi simu Novemba.

Kweli Novemba huwa sipigi. Ni msimu wa kazi.

Binti, ni saa saba. Nimekubali.

---

MtuMzimaMajengo · 21:45

Na yule dada wa mwanzo amejibu au hajajibu? Hilo ndilo nangoja mimi.

---

BintiKuze · Jumatatu 27 Oktoba, 16:02

Amejibu leo. Yuko likizo mpaka tarehe tatu, amesema ndiyo, amemkabidhi mwenzake faili zetu zote. Lakini yule mpya mwenyewe hajajibu chochote, wala ule wa Jumanne hajaufuta.

Kwa hivyo ukweli wa watu nishaujua, saa bado haijathibitishwa. Nifanyeje?

---

Ratiba_Kilindini · 16:30

Usimwandikie mara ya pili. Alhamisi ingia mara mbili. Saa sita kasoro dakika tano bonyeza linki. Kama mkutano ni wa saa saba, Zoom itakwambia mwenyeji hajauanzisha, utaona maneno ya kumsubiri. Kaa robo saa, toka. Rudi saa saba kasoro dakika kumi. Kuwahi hakutakugharimu ila bando kidogo.

Kesho jaribu programu kwanza kwenye `zoom.us/test`, usikie sauti yako na uone uso wako. Na angalia jina litakalotokea. Atakayekupokea ataona chumba cha kusubiri chenye jina, na kama simu ni ya mtu mwengine ataona jina la huyo mtu. Wasiomtambua hawamfungulii.

---

BintiKuze · Jumanne 28 Oktoba, 10:48

Nimejaribu. Nimetokea kwa jina "Duka la Baba". Kompyuta ya kaka hiyo. Nimebadilisha.

Nina swali jengine la kijinga. Nikibonyeza linki haniombi Passcode. Nikiandika Meeting ID kwa mkono, yaniomba. Ni sawa?

---

Ratiba_Kilindini · 11:10

Si la kijinga. Mwisho wa linki yako kuna `?pwd=` na herufi nyingi baada yake. Hiyo ndiyo Passcode imeshachanganywa ndani, ndiyo maana haikuulizi. Ikitokea mtu amekutumia linki kwa WhatsApp na imekatika hapo katikati, basi itakuuliza, na ndiyo faida ya kuandika Meeting ID na Passcode kwenye karatasi. Ziandike kwa kalamu. Umeme ukiondoka kompyuta ikazima, utaingia kwa simu bila kutafuta barua. Na Passcode huangalia herufi kubwa na ndogo, ziandike kama zilivyo.

---

ShangaziBamburi · 11:25

Na uvae vizuri mpaka chini, usifanye ya huyo wa Likoni.

---

BintiKuze · Alhamisi 30 Oktoba, 14:20

Nimetoka sasa hivi, mikono bado yatetemeka.

Saa sita kasoro tano niliingia. Skrini nyeupe, mwenyeji hajaanza. Nimekaa. Adhana ikapigwa, msikiti mzima ukaingia chumbani kwangu, nikafikiria wallahi kama ingekuwa saa hii ningesema nini mbele ya Wazungu watatu. Saa sita na robo nikatoka.

Saa saba kasoro kumi nikarudi. Saa saba na dakika mbili wakanifungulia. Walikuwa watatu. Neno la kwanza la yule aliyeandika barua lilikuwa kunishukuru kwa kuandika saa zote mbili, kwa sababu mwombaji wa kabla yangu, naye wa Afrika Mashariki, hakutokea kwa saa waliyomngoja. Hakusema kwa nini.

Mimi nimeshaelewa kwa nini. Huenda yule mwenzangu aliingia saa moja kabla, akangoja, akakata tamaa. Nilitaka kuwaambia kuhusu hizo herufi tatu, nikanyamaza. Sijui kama nimefanya vizuri.

---

TundaDamu · 14:31

Umefanya vizuri. Hujaajiriwa bado uanze kusahihisha.

---

Ratiba_Kilindini · 14:50

Mimi ningesema, kwa ajili ya huyo mwengine. Si lazima pale pale, hata kwa barua ya shukrani, sentensi moja. Lakini sikuwa mimi niliyekaa kwenye kiti.

---

MtuMzimaMajengo · 15:05

Pesa hawajaomba?

---

BintiKuze · 15:07

Hawajaomba.

---

BintiKuze · Jumanne 4 Novemba, 17:33

Jamani! Nimepita. Wananiita raundi ya pili, Jumatano tarehe 12 Novemba, kwa Zoom tena, linki mpya. Na barua, someni wenyewe ilivyoandikwa: 14:30 BST.

---

Kongowea_Moja · 17:36

Saa kumi na moja unusu jioni. Nimempigia Leicester kwanza ndiyo nikaandika.